Ushauri jamani: skripti ya Mwana Mpotevu haitoshi kwenye dakika moja

Mleta mada: Wakuu, nina skripti ya video ya dakika moja, mfano wa Mwana Mpotevu. Kila nikiisoma inapitiliza. Nikate wapi?

Fundi Sauti: Maneno mangapi? Vituo umeviweka wapi?

Mleta mada: Kama 190. Vituo sijaweka.

Kidole Chepesi: Vituo vya nini? Sekunde za mwanzo zikipoa, mtu kashapita zake.

Fundi Sauti: Mwanzo sawa, fungua moja kwa moja na kijana anadai urithi. Ila maneno yetu marefu, msimulizi asiyekimbizwa husoma kama 100 kwa dakika. Ukiweka vituo, lenga 80. Huenda unasimulia hata kinachoonekana. Jaribu hivi:

PICHA: Baba shambani anakaza macho njiani. Jembe linamtoka mkononi.
MSIMULIZI: Alikuwa bado yuko mbali.
(KIMYA, sekunde 2)
PICHA: Miguu ya mzee, mbio.
MSIMULIZI: Hakungoja kuombwa msamaha.

"Alikimbia" usiseme, tumeshaona. Na hicho kimya kisiwe kitupu kabisa, mtazamaji atadhani simu imekata sauti. Rekodi chumba kikiwa kimetulia, utandaze sauti hiyo hapo.

Mama Kwaya: Sisi tuliigiza, baba akakanyaga kanzu yake akaanguka kabla hajamfikia mwanawe. Kanisa zima kicheko! Lakini vijana wa sasa hata kurudi hawarudi.

Msomaji Mkimya: Kaka mkubwa yumo?

Mleta mada: Nimemtoa. Naishia kwenye sherehe, inatosha.

Msomaji Mkimya: Luka 15 inaanza na Mafarisayo wananung'unika kwamba Yesu anakula na wenye dhambi. Kaka mkubwa ndiye wao. Ukimtoa, mfano unamwambia nani? Umemtoa kwa sababu ya muda tu?

Mleta mada: Sauti nimesharekodi yote. Halafu video itaoneshwa siku tunampokea mdogo wangu. Mkubwa ni mimi. Sitaki ukumbi mzima unigeukie.

Kidole Chepesi: Hii chai! Umeanza na hesabu ya maneno, sasa umekuwa mhusika. Kesho utatuambia na ndama alinenepeshwa.

Mleta mada: Usiponiamini shauri yako. Mtu akila mali ya nyumba, aliyebaki analima ndiye anaonekana mbaya?

Fundi Sauti: Chai au si chai, skripti ipo. Luka hasemi kama kaka aliingia ndani. Kwa hiyo huhitaji kumhukumu:

PICHA: Kaka nje, ngoma zinasikika kwa mbali. Baba anatoka kumfuata.
(KIMYA, sekunde 3. Kata.)

Hapo msimulizi hana hata neno moja la kurekodi.

Mleta mada: Katikati nitarekodi upya. Mwisho naacha sherehe.

Msomaji Mkimya: Basi badilisha na jina la video, maana huo ni nusu ya mfano.

Mama Kwaya: Na huyo mdogo wako, mali aliyokula alikula yote?