Wasambazaji wa vinywaji: tageti inapimwa kwa tulichonunua, kisichouzika ni hasara yetu

StooYaMakambako (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Naandika nikiwa na hasira, na ninaomba mnisome hadi mwisho, hasa wewe unayetaka kuchukua usambazaji wa kampuni kubwa kwa sababu umeahidiwa "eneo lako mwenyewe na bonasi kila mwezi".

Mimi nasambaza soda na juisi za chupa za plastiki hapa Makambako na vijiji vya jirani. Kampuni siitaji, bado nina mkataba nao na wameshika dhamana yangu ya benki ya milioni 25.

Hesabu yangu ni hii. Katoni nainunua 8,800, dukani naipeleka 9,200. Napata 400. Tageti yangu ni katoni 6,000 kwa mwezi, yaani mzigo wa 52,800,000. Nikiuza zote napata 2,400,000 kabla ya gharama. Dizeli ya Kanta na kirikuu, dereva, muuzaji, vibarua wa kupakua, kodi ya stoo, matairi na sevisi vinakula kama 2,100,000. Riba ya mkopo niliochukua kwa ajili ya mtaji ni 450,000 kwa mwezi. Jumlisheni wenyewe: hata nikiuza tageti nzima, nimekosa 150,000. Kinachonilisha ni bonasi ya asilimia 2, kama 1,056,000, na bonasi hiyo haitoki usipofika asilimia 90 ya tageti.

Sasa sikieni wanavyoipima hiyo tageti. Hawaangalii nilichouza madukani. Wanaangalia nilichonunua kwao. Katoni ikishatoka kwenye dipo lao na kushushwa stooni kwangu, kwao imeshauzwa, hata kama itakaa pale hadi ioze.

Na hiyo 6,000 waliitoa kwenye mauzo yangu ya Desemba! Makambako ya Juni mnaijua. Watu wamevaa makoti mchana, wanakunywa chai. Nani ananunua soda? Juni nikawa nimenunua na kuuza katoni 4,100. Wiki ya mwisho ofisa mauzo akaanza kupiga simu asubuhi na jioni: "Mkuu, chukua 1,900 tufunge mwezi, Julai tutakusaidia kuzisukuma." Akaongeza kwamba wasiofikisha wanaweza kugawiwa eneo. Hicho ni kitisho, tukiite kwa jina lake.

Lori likaja usiku, tukashusha kwa tochi. Asubuhi nasoma tarehe shingoni mwa chupa: mzigo unaisha muda mwanzoni mwa Septemba. Umeshakaa kwao wiki sita! Soda ya chupa ya plastiki inapoteza gesi taratibu hata kabla ya tarehe, na wenye maduka wanalijua hilo. Mzee mmoja wa Ilembula aliibonyeza chupa kwa kidole gumba, ikabonyea, akanirudishia katoni zote alizokuwa ameagiza.

Julai kampuni ikatoa ofa ya nunua kumi upate moja, kwa mzigo mpya tu. Piga hesabu: anayenunua kwa ofa, katoni imemwangukia 8,000. Muda si mrefu mzigo wa Mbeya ukaingia Makambako kwa 8,500, kwenye eneo langu "mwenyewe". Nami nikalazimika kushuka hadi 8,500 na mzigo nilioununua 8,800.

Katika zile 1,900, nilifanikiwa kuuza 360 kwa bei ya kawaida. 1,200 nimeziuza kwa hasara ya 300 kila moja, hiyo ni 360,000. Katoni 340 zimeisha muda stooni, 2,992,000. Jumla 3,352,000 zimepotea ili nipate bonasi ya 1,056,000. Na bonasi yenyewe hawakunipa pesa, wamenipa krediti noti, yaani nikanunue tena kwao!

Nimeomba wanifidie hizo 340. Jibu: "Mkataba hauna marejesho ya bidhaa zilizoisha muda." Nimekasirika sana.

MamaWakala_Temeke

Pole sana kaka. Hizi kampuni zote ni hivyo hivyo. Mimi ni wakala wa pesa wa mitandao mitatu, kamisheni inakatwa kodi asilimia 10 kabla hata sijaiona, na wateja wa kutoa ni wengi kuliko wa kuweka, kwa hiyo muda wote natafuta keshi. Kwa nini usiwaandikie wakupandishie kamisheni? Sisi tulipopiga kelele kupitia wakala mkuu wetu walitusikiliza kidogo.

StooYaMakambako

Asante dada, lakini yangu siyo kamisheni. Wewe floti yako hata usipopata mteja wiki nzima bado ni hela yako. Mimi hela yangu imegeuka soda, na soda ina tarehe.

HakimuWaKijiwe

Usiogope, sheria iko upande wako. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema wazi kwamba mwenye mali anapaswa kumlipa wakala hasara aliyoipata akifanya kazi yake. Wape notisi ya siku 14 kisha nenda mahakamani. Hizo katoni 340 wanakulipa.

MzeeWaDipo

Hakimu, umeshika nusu. Kinga hiyo ni ya wakala, anayeuza mali ya mwingine kwa niaba yake. Huyu ndugu yetu ananunua kwa ankara inayosomeka jina lake, anauza kwa risiti yake ya EFD. Mali ikishapakuliwa ni yake, na hasara ni yake, isipokuwa mkataba useme tofauti. Ndiyo maana kampuni zinapenda kukuita "mshirika" kwenye vikao na "mnunuzi" kwenye mkataba. Akienda mahakamani na hoja ya uwakala, watatoa ankara tu.

StooYaMakambako, nimefanya usambazaji miaka mingi, wa bia kisha vinywaji baridi. Nikuambie mambo ambayo hujayagusa.

Kwanza hiyo 400 yako. Kwa mzigo wa milioni 52 kwa mwezi umeshavuka mbali kiwango cha milioni 200 kwa mwaka cha kusajiliwa VAT. Kama 8,800 na 9,200 zote zina VAT ndani, basi katika ile 400 kuna kama 61 ya serikali. Yako ni 339. Kwa katoni 6,000 ni kama 366,000 unayodhani ni faida na siyo yako. Na dizeli haikupi VAT ya kurudishiwa. Kwa hiyo bila bonasi hukosi 150,000, unakosa zaidi ya 500,000. Uliza pia bonasi inapigwa kwenye bei yenye VAT au isiyo nayo, maana nayo inaweza kuwa ndogo kuliko unavyohesabu.

Pili, zile 340 usizimwage mwenyewe. Andika barua TBS, ndio wenye usalama wa chakula tangu 2019, na uwajulishe TRA, ziteketezwe mbele ya maofisa upate hati. Ukizimwaga kimya kimya, siku ya ukaguzi vitabu vitaonyesha katoni zilizoingia na hazikutoka, na mkaguzi atasema uliziuza bila risiti. Utalipa kodi ya katoni zilizokuharibikia.

Tatu, tarehe. Mzigo unapofika, kabla mlinzi hajafungua geti, soma shingo ya chupa. Mimi nilikuwa sipokei kilichobakiwa na chini ya theluthi mbili za muda wake. Naandika kwenye hati ya kupokelea mzigo "umekataliwa, tarehe fupi", dereva anasaini, nakala inabaki kwangu. Uliposaini hati safi usiku ule, ulikubali kwamba mzigo ni mzima.

StooYaMakambako

Mzee, shikamoo. Hiyo ya VAT imenikata maini. Bei zote zina VAT ndani, ndiyo. Lakini kuhusu kukataa mzigo: lori limefika saa tatu usiku, dereva anasema analala Iringa, ofisa yuko kwenye simu anasema nikirudisha mwezi haufungi. Kwenye makaratasi nina haki ya kukataa. Pale getini ni jambo jingine kabisa.

AliyekuwaOfisaMauzo

Naomba niseme upande wa pili, nilifanya kazi hiyo kwenye kampuni nyingine. Mshahara wangu ulikuwa mdogo na sehemu kubwa ya kipato ilitegemea mzigo uliotoka dipo kufikia tarehe ya mwisho. Meneja wangu naye hivyo hivyo. Hakuna aliyelipwa kwa soda iliyonywewa. Kwa hiyo tarehe 25 tulikuwa tunapitia orodha ya wasambazaji na kuangalia nani ana nafasi kwenye kikomo cha mkopo, siyo nani ana wateja. Na yule wa Mbeya aliyekuletea mzigo wa 8,500, kuna uwezekano mkubwa naye alijazwa, akatafuta pa kutupia.

Cha kuangalia: kama mzigo unaobaki stooni mwisho wa mwezi unazidi mauzo yako ya wiki mbili, unajazwa. Ulimaliza Juni na 1,900 wakati unauza 4,100 kwa mwezi. Hiyo ni karibu wiki mbili kamili, uko kwenye mstari wenyewe, na kwa tarehe fupi ni mbaya zaidi. Mimi ningekuwa wewe ningeondoka.

MzeeWaDipo

Kuondoka siyo rahisi hivyo, na hapo sikubaliani nawe. Kuna dhamana ya milioni 25. Nyingi zimeandikwa kwamba kampuni ikiiandikia benki tu kudai, benki inalipa, mabishano baadaye. Ukitoa notisi leo wakati kuna deni lenye utata, wanaweza kuivuta, na benki itageukia mali uliyoweka rehani. Kwanza linganisha hesabu nao hadi mpate barua ya salio iliyosainiwa pande zote, tumia krediti noti yako, punguza deni hadi sifuri, ndipo uzungumzie kuondoka na kurudishiwa hati halisi ya dhamana.

HakimuWaKijiwe

Basi hoja ya uwakala naiacha. Lakini vitisho vya kugawa eneo bila kufuata mkataba je? Kifungu cha eneo kinasemaje? Na zile simu za ofisa, una ujumbe wowote wa maandishi?

StooYaMakambako

Kifungu kinasema kampuni "inaweza kupitia upya mipaka ya eneo kwa notisi ya siku 30". Ujumbe ninao: "Chukua 1,900, Julai tutakusaidia kuzisukuma." Hakuna tageti wala marejesho yaliyotajwa humo, ila ahadi ya kusaidia ipo. Kama ina nguvu yoyote sijui, nitamtafuta wakili Njombe mjini.

Jana wameniletea tageti ya miezi mitatu ijayo: 6,500. Nimewajibu kwa barua kwamba napokea 4,000, nikaambatanisha mauzo ya kila duka kwa miezi sita, na nimeandika kwamba mzigo wenye chini ya wiki kumi za muda siupokei. Hawajajibu. Barua ya TBS nimeipeleka leo.

Wasambazaji wa Mafinga, Njombe na Tunduma mliomo humu, nitumieni ujumbe wa faragha. Nataka kujua mwisho wa Juni mlipokea mzigo wenye tarehe gani, na kama nanyi mlipigiwa simu ya "tufunge mwezi".