Barua ya kuomba kazi ya maabara, nisaidieni kabla ya Alhamisi

KijanaWaUmoja
Habari za jioni wanajukwaa. Nina diploma ya maabara ya tiba, nimekaa benchi ya kemia kwenye maabara moja ya binafsi hapa Nairobi mpaka mkataba ukaisha mwaka jana. Sasa kuna hospitali upande wa Upper Hill inatafuta mtu. Tangazo linataka barua inayoonyesha umakini, utunzaji salama wa sampuli na leseni hai. Mwisho ni Alhamisi. Kiini cha barua yangu ni hiki:

"Mimi ni mtu makini, mwenye bidii na ninayejituma. Ninazingatia usalama wakati wote na nina leseni hai ya bodi. Nimewahi kuokoa mgonjwa kwa kugundua kosa kwenye sampuli ya potasiamu iliyotoka kwenye tyubu ya zambarau."

Nikiisoma naona ni barua ya kila mtu. Nifanyeje ishikike?

Nyundo254
Punguza "mwenye bidii". Hakuna mtu amewahi kuandika "mimi ni mvivu lakini napatikana".

DawaZaNgara
Pole kaka, hata mimi nilihangaika na barua hizi. Mimi ni wa famasia, na kwa barua iliyonipa kazi niliandika jambo moja tu: duka tulilokuwa, kabamazepini ya kifafa na kabimazoli ya tezi zilikaa rafu moja, pakiti zinafanana, majina ndiyo hayo. Nikazitenganisha, nikabandika karatasi ya rangi kwenye moja, na nikaanza kumuuliza mteja ugonjwa wake kabla sijamkabidhi. Mwenye duka alinipigia siku iyo hiyo. Ila hakikisha leseni yako ya Bodi ya Famasia na Sumu haijaisha, maana ile huisha tarehe 31 Desemba.

KijanaWaUmoja
Asante dada, ila mimi si wa famasia, bodi yangu ni ile ya wataalamu wa maabara. Hayo ya leseni tuyaache kwanza, shida yangu ni lugha ya barua.

MzeeWaBenchi
Kijana, lugha yako haina ubaya mkubwa. Shida ni kwamba kila sentensi ni sifa, na sifa haiwezi kukaguliwa. Nimesoma barua nyingi za vijana wanaotaka kuingia kwangu, na macho yangu yanatafuta vitu viwili: namba ya leseni na mwaka wake, halafu tukio moja ambalo mtu asiyekaa kwenye benchi hawezi kulibuni. Sasa niambie: leseni yako ni ya mwaka gani?

KijanaWaUmoja
Nimesajiliwa mzee, cheti cha usajili ninacho tangu nimalize chuo.

MzeeWaBenchi
Sikuuliza usajili.

Otis_Kayole
Mzee acha kumbana. Ukishasajiliwa umesajiliwa, namba yako ni ya maisha. Aandike namba ya usajili, mwajiri atatosheka.

MzeeWaBenchi
Otis uko sawa nusu. Jina lake litabaki kwenye rejista, kweli. Lakini ruhusa ya kugusa sampuli ya mgonjwa ni leseni ya mwaka, na kufanya kazi bila hiyo ni kosa kisheria, kwa mwenye maabara pia. Ndiyo maana tangazo limesema "hai". Kijana, jibu.

KijanaWaUmoja
Sawa. Iliisha 31 Desemba. Mwajiri wa zamani ndiye alikuwa akilipa, na mkataba ulipoisha sikuwa na pesa. Pia pointi za mafunzo endelevu hazikutosha, kwa sababu tulikuwa zamu za usiku na semina zote ni mchana. Lakini sioni kama ni uongo kuandika "nina leseni". Ninayo, imechelewa tu. Nikipata kazi ninahuisha wiki ya kwanza. Nani analipia leseni akiwa hana kazi?

Nyundo254
Maziwa yaliyoisha tarehe pia ni maziwa.

MamaTee
Wanangu, huu ndio ugonjwa wa kizazi hiki. Mtu anataka mshahara kabla ya kusema ukweli. Binti yangu alikaa nyumbani miezi mingi akikataa kughushi, leo yuko Machakos analala usingizi. Mungu hachelewi.

KijanaWaUmoja
Mama sijaghushi kitu. Cheti ni changu.

SlaidiSafi
Ngojeni kidogo. Mimi niko maabara pia na huyu jamaa ananipa mashaka. Nani anapima potasiamu kutoka tyubu ya zambarau? Ile ni ya kuhesabu chembe za damu. Ndani ina EDTA, na EDTA yenyewe ni chumvi ya potasiamu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Ama hii hadithi imetungwa na mtu ambaye hajawahi kuvaa koti jeupe, ama anatafutia mtu mwingine barua. Leseni imeisha, sampuli haiwezekani, hospitali haina jina. Mimi natoka.

Otis_Kayole
Eh! Kumbe tulikuwa tunashauri mwigizaji.

KijanaWaUmoja
SlaidiSafi, hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe! Sampuli ilikuja kwenye tyubu nyekundu, ina lebo sawa, jina sawa. Nikaizungusha, seramu ikatoka ya njano safi. Mashine ikatoa potasiamu 8.4. Mgonjwa alikuwa amelazwa kwa ajili ya mguu, figo zake siku iliyotangulia zilikuwa nzuri. Nikaangalia mstari wa chini nikaona kalisiamu 1.1. Nikasimamisha jibu, nikapiga simu wodini. Muuguzi akasema damu ilikuwa ngumu kutoka, akajaza ya zambarau kwanza, halafu akamimina kidogo kwenye nyekundu ili asimchome mgonjwa tena. Tukatoa upya: potasiamu 4.2, kalisiamu 2.3.

SlaidiSafi
Kwani 8.4 haikuwa tu chembe zimepasuka? Ndiyo sababu ya kawaida. Andika kwamba ulikataa sampuli iliyopasuka chembe, inaeleweka haraka.

MzeeWaBenchi
Hapana, na hapa ndipo ninaamini kijana amekaa kwenye benchi. Chembe zikipasuka, seramu inaingia wekundu na potasiamu inapanda, lakini kalisiamu haiporomoki namna hiyo. Yeye amesema seramu ilikuwa ya njano safi. EDTA inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaleta potasiamu yake na inakamata kalisiamu yote inayoikuta. Potasiamu ya kutisha juu, kalisiamu isiyowezekana chini, kwa mgonjwa anayeongea na kula ugali. Ukiona hizo mbili kwenye karatasi moja, unaitilia shaka tyubu kwanza. Na kumbuka jibu lile lingetoka, daktari angeweza kuanza kushusha potasiamu ambayo haikuwa juu. Hapo ndipo mtu anakufa kwa matibabu.

Sasa kijana, kwa nini kisa hicho ukakifinya kwa sentensi moja, tena ukakiandika vibaya mpaka mwenzako akakuita mwongo? Msomaji wa barua yako angefikiri vivyo hivyo. Andika hivi, kwa maneno yako:

"Nikiwa zamu ya usiku nilipata potasiamu 8.4 na kalisiamu 1.1 kwenye seramu isiyo na wekundu. Mchanganyiko huo ulinifanya nishuku kuwa damu imetoka kwenye tyubu ya EDTA. Nilizuia majibu, nikapiga simu wodini, nikaomba sampuli mpya, na nikaandika tukio kwenye daftari la makosa. Sampuli ya pili ilikuwa 4.2 na 2.3."

Ondoa "niliokoa mgonjwa". Usitaje jina lake, wodi wala hospitali. Barua inayomwaga siri za mgonjwa inaniambia utamwaga na zangu. Je, uliliandika daftarini kweli?

KijanaWaUmoja
Niliandika, na msimamizi akasaini. Pia tuliacha kupokea tyubu ambazo hazijaandikwa saa ya kutolewa damu.

MzeeWaBenchi
Hiyo saini ni mali. Msimamizi huyo ndiye mdhamini wako, muombe kabla hujaweka jina lake. Kwa maabara yenye ithibati ya ISO 15189, daftari kama hilo ndilo mkaguzi wa KENAS anafungua, kwa hiyo wanaokuajiri wanajua thamani yake.

DawaZaNgara
Na ile sentensi ya usalama?

MzeeWaBenchi
Sentensi moja inatosha, ila iwe na mikono. "Sirudishi kifuniko kwenye sindano, na kisanduku cha sindano nakifunga kikifika robo tatu." Mtu anayejua hilo la robo tatu amewahi kuona mwenzake akichomwa na sindano iliyochomoza juu ya kisanduku kilichojaa. Usiorodheshe glavu, koti na barakoa. Hizo hata anayefagia anavaa.

SlaidiSafi
Sawa, naondoa shutuma. Lakini leseni bado.

KijanaWaUmoja
Nimefikiria niandike "leseni iko katika hatua za kuhuishwa". Hiyo si uongo.

MzeeWaBenchi
Umeanza hatua gani?

KijanaWaUmoja
Nimefungua akaunti yangu kwa mtandao wa bodi.

Nyundo254
Hata mimi niko katika hatua za kununua gari. Nimefungua picha zake.

MzeeWaBenchi
Kamilisha pointi zilizobaki, mafunzo mengine siku hizi ni ya mtandaoni na yanafanyika jioni. Lipa, pata risiti. Ukiwa na risiti, andika: "Nimesajiliwa, namba fulani. Leseni ya mwaka uliopita iliisha 31 Desemba. Nimelipia ya mwaka huu tarehe fulani na nasubiri itolewe." Wengine watakuacha, wengine watakungoja. Bila risiti, andika usajili na tarehe ya kuisha, usiongeze neno.

Otis_Kayole
Alhamisi ni keshokutwa mzee. Pesa atatoa wapi? Aandike "hai", wakimwita alipe kabla ya intavyu. Nairobi tunaishi hivyo.

KijanaWaUmoja
Otis ndiye amenielewa. Kusema kweli barua ya kwanza, yenye "leseni hai", nilishaituma kwa hospitali nyingine wiki iliyopita. Wameniita Jumatatu.

SlaidiSafi
Sasa ndiyo unasema!

MamaTee
Nilisema mimi.

KijanaWaUmoja
Shemeji amekubali kunikopesha ya leseni. Kufika Jumatatu nitakuwa nimelipa, kwa hiyo sioni haja ya kuwaandikia kuhusu barua ya zamani. Hii ya Upper Hill nitaituma na risiti na kisa cha potasiamu kama mzee alivyosema.

DawaZaNgara
Mimi ningewaandikia hao wa Jumatatu. Mistari miwili, na risiti.

Otis_Kayole
Usiamshe aliyelala.

MzeeWaBenchi
Kulipa ni jambo moja, bodi kukubali pointi zako ni jingine. Ikiwa Jumatatu asubuhi watatafuta jina lako na lionekane halina leseni ya mwaka huu, utawaambia nini?

KijanaWaUmoja
Nitawaonyesha risiti.

MzeeWaBenchi
Na barua wameishika mkononi.

KijanaWaUmoja
Nitawaandikia Jumapili jioni basi. Labda. Wacha kwanza nimpigie shemeji.