ATM ya benki nyingine imemeza kadi yangu Jumamosi, nifunge au nisubiri Jumatatu?

Mkazi wa Kihonda: Habari za jioni wadau. Nipo Morogoro. Nimeweka kadi kwenye ATM ya benki nyingine, umeme ukakatika kabla hela haijatoka. Uliporudi mashine ikajiwasha upya, ikaonyesha ukurasa wa kukaribisha wateja, kadi imebaki ndani. Mlinzi anasema nije Jumatatu. Pembeni kuna karatasi imebandikwa, ina namba ya huduma kwa wateja. Kwenye akaunti kuna ada ya mtoto. Nifanyeje?

Juma Fundi: Subiri tu ndugu. Bila namba ya siri hakuna wa kugusa hela yako.

Bi Kaunta: Juma, hiyo ni kweli kwa kutoa hela ATM tu. Maduka mengine ya mtandaoni yanataka namba za mbele, tarehe ya mwisho na tarakimu tatu za nyuma, basi.

Mkazi, inaelekea mashine yenyewe ndiyo imeivuta kadi. Ikijiwasha upya huitupia kwenye kisanduku cha ndani. Kadi iliyonaswa mdomoni na mtego wa wezi huonekana tofauti: skrini inaendelea kukudai uweke kadi wakati yako imo, halafu anatokea mtu mwema wa kukuambia ubonyeze namba ya siri tena. Usibonyeze.

Namba ya kwenye karatasi achana nayo, yeyote anaweza kuibandika. Chukua iliyo kwenye aplikesheni ya benki yako, uwapigie waliokupa kadi, siyo wenye mashine. Sema wafunge kadi, siyo akaunti. Akaunti ikifungwa, hata huduma ya kibenki ya simu inakwama na ada hailipiki. Akikuuliza namba ya siri, kata simu.

Dada wa Mafiga: Mimi kadi ilitoka, ila nilikatwa elfu hamsini na hela sikupewa. Nami nifunge kadi?

Bi Kaunta: Hapana mdogo wangu, yako ni malalamiko ya muamala. Peleka benki yako saa, mahali na kiasi, watalinganisha na kumbukumbu za mashine.

Mkazi wa Kihonda: Asante Bi Kaunta. Nimepiga, wananiuliza: kusimamisha kwa muda au kufunga moja kwa moja?

Bi Kaunta: Iliyosimamishwa hufunguliwa ukiipata. Iliyofungwa kabisa haifufuki, unaomba mpya. Kwa kuwa mashine siyo ya benki yako, ningefunga kabisa, maana matawi mengi hukata kadi za wateja wa benki nyingine badala ya kuzirudisha.

Juma Fundi: Hapo sikubaliani. Shemeji yangu alirudishiwa yake akiwa na kitambulisho tu. Kwa nini alipie mpya kabla ya kuuliza?

Mkazi wa Kihonda: Nimesimamisha kwa muda, na ada nimeilipa kwa simu sasa hivi, imekubali. Jumatatu asubuhi nitakuwa tawini na kitambulisho. Wakisema wameikata, naomba mpya siku hiyohiyo.