Mhazini wa kamati ya harusi amenidhalilisha, na radhi aliyoomba imezidisha ubaya

Wadau, mhazini wetu alikusudia kumwandikia katibu faraghani, akaandika katika kundi la WhatsApp la kamati lenye watu zaidi ya mia mbili, akinitaja kwa jina, kwamba kila harusi ninaahidi laki mbili na siku ya shughuli ninakuja kula tu. Nimekwisha kulipa laki moja na nusu, na ujumbe wa muamala anao yeye mwenyewe.

Alipogutuka alitaka kuufuta, lakini akaufuta kwenye simu yake peke yake, hivyo yeye akawa hauoni tena ilhali sisi sote tunaendelea kuusoma. Asubuhi akaandika: "Samahani kwa yeyote aliyekwazika na ujumbe wa jana, simu ilikuwa kwa mtoto. Tukamilishe michango, siku zimebaki chache."

Yeyote ni nani, wakati jina lilikuwa langu? Na ni mtoto gani anayezijua ahadi za wanakamati? Hakusema popote kwamba aliyoyaandika si kweli, akamalizia kwa kudai michango, kana kwamba mdaiwa bado ni mimi. Waliokuwa hawajauona ujumbe wa kwanza walipanda juu kuutafuta.

Katibu Mstaafu: Pole sana, dada. Alipaswa kukupigia simu kabla ya kuandika neno lolote kwenye kundi, kisha aandike mistari miwili: kwamba aliyeandika ni yeye, kwamba si kweli, na kwamba mchango wako anao, kiasi akikitaja kwa ruhusa yako tu. Habari ya michango ingesubiri siku nyingine. Ujumbe wenyewe mwombe admini aufute, kwa kuwa anaweza kufuta wa mwanachama yeyote.

Mzaramo Halisi: Ukishafutwa kwa wote, yamekwisha. Hakuna atakayeuona tena.

Katibu Mstaafu: Si hivyo kabisa, ndugu yangu. Aliyeujibu kwa kuunukuu, maneno yanabaki ndani ya jibu lake, kwa hiyo majibu hayo nayo yafutwe.

Bi Mkubwa: Mimi niliichangia harusi iliyovunjika wiki moja kabla. Je, fedha yangu nimdai mhazini au wazazi wa bwana harusi?

Mama Wawili: Bi Mkubwa, hilo lianzishie uzi wake. Dada, mimi nisingetaka jina langu litajwe tena mbele ya watu wote hao, hata kwa kuombwa radhi. Akupigie tu, yaishe.

Mwanzisha uzi: Mama Wawili, nakuelewa, lakini akinipigia mimi pekee, wale mia mbili wataendelea kuamini kwamba sikulipa. Admini ameufuta ujumbe pamoja na majibu mawili yaliyounukuu. Mhazini hajapiga simu, na laki moja na nusu yangu bado haimo katika orodha ya waliolipa aliyoituma jioni hii.