Wakuu, hukumu ya kipindi cha dona niiandikeje?

Mchele_Mmoja: Habari za jioni wakuu. Naandaa vipindi vifupi vya imani za chakula: nataja imani, naijaribu, natoa hukumu. Cha kwanza kinasema "mwenye kisukari akila dona sukari haipandi." Nimempima mama mdogo. Siku ya sembe alianza na 7.1, saa mbili baada ya kula 11.8. Siku ya dona, 7.0 hadi 11.3. Niandike KWELI au KWELI KIASI? Kinaruka Ijumaa.

Bi_Tausi: Mwanangu, sisi tulikula dona la jiwe na kisukari tukikisikia redioni tu. Vijana mmezidi chipsi.

Lishe_Temeke: Imani inasema haipandi, na hapo imepanda. SI KWELI. Kama dona inaishinda sembe, hilo ni swali jingine, lipe kipindi chake. Na hiyo tofauti ya nusu kati ya 11.8 na 11.3 usiijengee nyumba. Mashine ya kidole inaruhusiwa kupotoka hadi asilimia 15. Unga ulipima? Mboga ilikuwa ipi?

Mchele_Mmoja: Tonge la macho tu. Sembe kwa dagaa, dona kwa maharage.

Lishe_Temeke: Basi umepima maharage! Rudia. Gramu 70 za unga mkavu kila siku, mboga ileile, asubuhi kabla hajala kitu, dawa zake kama kawaida. Pima kabla ya kula, kisha dakika ya 30, 60, 90 na 120, maana kilele huweza kupita kabla ya saa mbili. Siku tatu kwa kila unga. Na hukumu iseme "kwa huyu mama", si kwa wagonjwa wote.

Dereva_Noah: Dona ina nyuzi, nyuzi zinazuia sukari. Kweli tupu. Mimi nimepungua kilo sita.

Lishe_Temeke: Zinachelewesha, hazizuii. Na dona iliyosagwa laini huchelewesha kidogo tu. Mkuu, Ijumaa ya nini?

Mchele_Mmoja: Kuna mwenye mashine ya dona kanilipa nusu. KWELI nimeshairekodi. Ila sijadanganya mtu, mama mdogo mwenyewe anasema anajisikia mwepesi.

Kipepeo: Nilijua! Mwezi jana kulikuwa na uzi huuhuu, mgonjwa akiwa mjomba, na 11.3 ileile. Hili ni tangazo. Weka picha ya kipimo.

Mchele_Mmoja: Uzi huo si wangu. Kipimo kiko kwa mama mdogo, Kibaha.

Dereva_Noah: Na mjomba naye yuko Kibaha? 😂

Bi_Tausi: Mrudishie mwenye mashine hela yake, mwanangu.

Mchele_Mmoja: Nimeshanunulia maiki. Lishe, hizo gramu 70 ni kabla ya kuchekecha au baada?

Lishe_Temeke: Kumbe ulichekecha? Basi hukumpa dona.