Makadirio ya mafuta Dar–Mbeya yametoka 512,409, nitaje namba gani kwenye grupu la familia?

Kaka_wa_Segerea
Wakuu habari za jioni. Tuna harusi ya mdogo wetu Mbeya mwisho wa mwezi ujao, tunaenda na Noah ya bamkubwa, sisi tunachanga mafuta tu. Nimepewa kazi ya kupiga hesabu. Ramani ya simu inaniambia kwenda na kurudi kilometa 1,664, bamkubwa anasema gari inakula lita moja kwa kilometa 9.7, petroli nimeweka 2,987 kwa lita, nikagawanya na kuzidisha kwenye eksel ikaja 512,409. Tuko saba kwahiyo kila mtu 73,201. Sasa dada yangu anasema hiyo elfu sabini na tatu mia mbili na moja inachekesha, nitaje tu elfu sabini. Mi naona nikikata ntakuwa napoteza usahihi, na pesa ni za watu. Nitaje namba gani, na nikate kuanzia wapi?

MamaTatu
Mwanangu we zungusha juu kila kitu, usiumize kichwa. Kilometa fanya 1,700, gari fanya kilometa 9 kwa lita, mafuta 3,000. Inakuja kama 567,000. Hapo uko salama na hakuna wa kukulaumu.

FundiKipimo
Mama hapo kwenye usalama tuko pamoja, ila ukipandisha kila namba peke yake umeficha akiba ya kama elfu 55 ndani ya hesabu na hakuna anayeiona, hata yeye mwenyewe mwezi ujao hatakumbuka ipo. Mwingine akija ataongeza asilimia kumi ya dharura juu yake tena. Bora hesabu ifanyike na namba zilivyo mpaka mwisho, halafu ukate mara moja tu, na kama unataka akiba iandikwe mstari wake, "dharura kiasi fulani".

Sasa Kaka wa Segerea, swali lako la kukata wapi. Nimekaa sana ofisi ya usafirishaji, jaribio ninalolifanya ni dogo. Chukua namba unayoiamini kidogo kuliko zote, isogeze kidogo, uone tarakimu gani inacheza kwenye jibu. Ukiacha vingine vyote hivyo hivyo, 2,987 ikawa 3,000, jibu linapanda kwa elfu mbili na kidogo. Kilometa 1,664 zikawa 1,660, linashuka kwa elfu moja na kidogo. Lakini hiyo 9.7 ikawa 9.2, jibu linakwenda 540,257, yaani karibu elfu 28 kwa nusu kilometa tu. Kwahiyo yale makumi elfu yenyewe yanatikisika, sasa hiyo 409 ya mwisho inamwambia nani nini? Usahihi huo haukuwepo tangu mwanzo, kwahiyo ukiikata hupotezi kitu.

Niambie 9.7 imetoka wapi.

Kaka_wa_Segerea
Ni wastani unaosoma kwenye dashibodi, bamkubwa ndo kaniambia. Gari anaitumia hapa hapa mjini kwenda kazini, wikiendi Kibaha.

Mtu_wa_Kitonga
Mi mtu wa njia hiyo nakwambia usiamini hiyo ramani hata kidogo!! Inakwambia masaa 12 na dakika 47 sijui nini, we ukifika Mikumi unaenda mdogo mdogo kwa sababu ya wanyama, kila kijiji 50, matochi, Kitonga ukikuta lori limekwama ndo umelala hapo. Ukitoka Dar saa 11 alfajiri mwambie mama mkwe mtafika kati ya saa 1 jioni na saa 4 usiku, usimwambie saa 11 na 47, maana ikifika saa 12 kasoro anaanza kupiga simu kwa kila mtu anajua mmepata ajali.

FundiKipimo
Mkuu jamaa anauliza hela sio muda 😀 ila hoja ni ile ile, ukitaja dakika watu wanadhani umepima dakika.

Turudi kwenye 9.7. Eksel inaiona ina tarakimu mbili, ukifuata ile kanuni ya shuleni ya kuangalia namba yenye tarakimu chache utasema jibu liwe na tarakimu mbili, 510,000. Shida ni kwamba kanuni inaangalia namba ilivyoandikwa, wala haijui ilivyopatikana. Hiyo ni wastani wa gari yenye mtu mmoja kwenye foleni ya Dar. Nyie mtakuwa watu saba, mabegi juu ya keria, kiyoyozi mpaka Morogoro, halafu milima. Barabara kuu inasaidia, mzigo na milima inaharibu, mimi ningesema popote kati ya 8.5 na 10.5. Kuipunguzia wasiwasi ni rahisi, jaza tenki mpaka pampu ikate, andika odomita, nendeni nayo Chalinze na kurudi, ujaze tena pampu ile ile, ugawanye kilometa kwa lita zilizoingia. Bado watu saba hawatakuwemo, ila itakuwa bora kuliko dashibodi.

Na mafuta, EWURA wanatoa bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ukiacha bandari bei inapanda kwa kwenda bara. Mtajaza Dar, mtajaza tena Iringa au Mbeya. 2,987 ni ya leo na ya kituo kimoja. Weka 3,000.

Binti_Rungwe
Samahani naingilia, harusi za kwetu huku hazina Mbeya mjini tu. Wazee wako wapi?

Kaka_wa_Segerea
Tukuyu. Lazima tukawasalimie, kwenda na kurudi.

Binti_Rungwe
Basi ongeza kama kilometa 140, na ni milima.

FundiKipimo
Umeona dada kakuokoa? Hizo 140 peke yake ni karibu elfu 43 kwa hesabu yako, wakati sisi tunagombania 409. Sasa kilometa ni kama 1,800. Kwa 10.5 inakuja laki tano na kidogo, kwa 8.5 karibu laki sita na nusu, katikati hapo sema laki sita. Tarakimu moja tu, na hata hiyo ina nafasi ya kuteleza.

Mhasibu_wa_Ukoo
Nakubali hesabu ila sikubali kwenye grupu. Ukiandika laki sita watu wanasema umejitungia, ukiandika 612,350 wanalipa bila swali. Nimekusanya michango ya msiba na harusi, najua ninachosema.

FundiKipimo
Watalipa, halafu mkitumia 640,000 wanakuuliza 27,650 imeenda wapi. Waandikie kilometa, ulaji na bei uliyotumia, na useme inaweza kucheza kati ya laki tano na sita na nusu.

Mhasibu_wa_Ukoo
Ukiwapa "kati ya" wanasikia laki tano tu.

MamaTatu
Hapo mhasibu kasema kweli.

Kaka_wa_Segerea
Nimewaelewa. Sasa kwenye kugawa, 600,000 kwa saba ni 85,714, nikusanye 90,000?

FundiKipimo
Saba wote wamethibitisha?

Kaka_wa_Segerea
Mmoja anasema atajua wiki hiyo hiyo.

FundiKipimo
Basi mkiwa sita ni laki moja kila mtu. Kichwa kimoja kinasogeza mchango kwa elfu 14, ndo namba inayotikisika kuliko zote hapo kwenye kugawa. Mchango sio makadirio, huo unauchagua upande wa juu makusudi. Mi ningekusanya laki, chenji irudi.

Kaka_wa_Segerea
Shangazi amestaafu, laki kwake nzito. Ntaongea na dada kwanza tuone tunamfanyaje.

Mhasibu_wa_Ukoo
Sawa, ila risiti za pampu tunza zote, na mkirudi hapo sasa andika mpaka shilingi ya mwisho, usikate kitu.