Kidhibiti kisichofika intaneti: famwea isasishwe au iachwe?

Fundi wa kituo: PLC, yaani kidhibiti kinachoendesha pampu zetu za maji, haijaunganishwa na intaneti. Mtengenezaji ametoa famwea mpya, yaani programu ya ndani ya kifaa, inayoziba tundu la usalama. Tusasishe sasa, au tuiache kwa kuwa inafanya kazi?

Fundi umeme: Iacheni. Adui atapita wapi ikiwa waya haupo? Kiwanda nilichofanyia kazi kilisasisha, na viwango vilivyokuwa kwenye kumbukumbu vikafutika. Kikomo cha maji kushuka, kilichokuwa mita 0.8, kikasoma sifuri, na pampu ikazunguka kavu hadi sili yake ikaungua. Nakala ya programu tulikuwa nayo. Ya viwango hatukuwa nayo.

Msomaji: Ruta yangu ya nyumbani hujisasisha usiku. Kwa nini PLC isifanye hivyo?

Mhandisi wa udhibiti: Kwa sababu PLC husimama inapoandikwa famwea, ndugu yangu, na pampu husimama nayo.

Kwa fundi umeme: la viwango ni kweli, lakini la waya silikubali. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010, ilienea kwa flashi na kulenga mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran. Iliingia katika kompyuta zenye Step 7, programu ya kuandikia PLC, kisha ikabadilisha maelekezo ndani ya PLC. Kwa hiyo, unapochora kanda za kituo, yaani makundi ya vifaa, na mapito yanayoziunganisha, usiishie kwenye nyaya. Kiwango cha usalama wa mifumo ya udhibiti, IEC 62443-3-2, kinapendekeza vifaa vinavyounganishwa kwa muda vitengwe na vile vya kudumu; laptopu ya mkandarasi basi ipewe kanda yake, na flashi ihesabiwe kuwa pito, hata kama hutumika mara moja kwa mwaka.

Ajabu ni kwamba famwea yenyewe itapita humo humo. Ipakueni kwenye kompyuta ya ofisini, ikaguliwe kwa antivairasi, kisha mlinganishe alama yake ya SHA256, inayohesabiwa kutoka kwenye faili, na ile iliyotangazwa na mtengenezaji:

```
certutil -hashfile famwea.bin SHA256
```

Alama zikitofautiana, msiandike. Zikilingana, mmethibitisha faili tu, si flashi; tumieni flashi ya kazi hiyo pekee.

Msimamizi wa stoo: Sisi tuliziba matundu ya USB kwa gundi, yakaisha.

Mhandisi wa udhibiti: Na mkandarasi akija na laptopu, huchomeka kebo ya mtandao moja kwa moja kwenye PLC?

Msimamizi wa stoo: Ndiyo, huchomeka.

Fundi wa kituo: Kwetu pia. Tangi letu likijaa hutosha kwa muda wa saa nne, kwa hiyo nafasi ya kusimamisha ipo. Ila hatuna PLC ya akiba ya kujaribia.

Mhandisi wa udhibiti: Basi msiharakishe. Fungeni kwanza pito la laptopu, nakilini viwango vyote, na swichi ya ufunguo ya PLC iwe RUN ili programu isibadilishwe. Famwea isubiri akiba.

Fundi umeme: Kwa hiyo iachwe, kama nilivyosema.

Mhandisi wa udhibiti: Isubiri, kwa tarehe iliyoandikwa. Wewe hukutaja tarehe.